Boti ya sakafu bapa ibebe mifuko mingapi? Hesabu ya mzigo kwa maji yanayosukumwa

Kila boti ya sakafu bapa ina namba mbili za mzigo, na wapakiaji wengi huzichanganya. Ya kwanza ni uzito unaoweza kuizamisha mpaka maji yafike mdomoni. Ya pili ni uzito unaoifikisha kwenye mstari salama, huku sehemu ya ubavu ikibaki kavu juu ya maji. Kwa boti tutakayoipigia hesabu hapa, namba ya kwanza ni kama tani 22 na ya pili ni kama tani 8. Mtu aliyewahi kuiona ikielea na tani 15 siku ziwa limetulia ataapa kwamba inabeba tani 15. Kweli ilielea, ila hicho si kipimo cha usalama.

Mfano wetu ni boti ya chuma iliyo wazi, yaani haina sitaha, inayovusha saruji kutoka Mwanza kwenda visiwani Ziwa Victoria. Mbavu zake zimesimama wima. Upana ni mita 3 kuanzia sakafuni hadi mdomoni, na kina chake, kutoka chini ya sakafu kwa nje mpaka ukingo wa juu wa ubavu, ni mita 1. Sakafu ina urefu wa mita 7. Omo limeinuka kwa mteremko na kutokeza mita 2 mbele ya sakafu, na tezi limetokeza mita 1 nyuma, kwa hiyo urefu wa juu kabisa ni mita 10. Nimeichagua kwa sababu umbo lake ni rahisi kupima kwa futikamba, nawe utaweka vipimo vyako mahali pa hivi.

Kanuni yenyewe ni ile ya Akimede tuliyofundishwa shuleni: chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawasawa na uzito wake wote, yaani chuma, injini, watu na shehena. Maji baridi ya ziwani yana uzito wa kilo 1,000 kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa hiyo ukijua ujazo wa sehemu ya boti iliyo chini ya maji, umeshajua uzito wa boti na vyote vilivyomo, bila mizani.

Hatua ya 1: Pima umbo, si urefu wa juu tu

Kosa linaloongoza ni kuchukua urefu wa juu, kuuzidisha kwa upana na kina, kisha kudai boti ina mita 30 za ujazo. Omo na tezi zimeteremka, na chini boti ni fupi kuliko juu. Unachohitaji ni urefu wa wastani wa ile sehemu iliyo ndani ya maji.

Njia inayotosha ni kupima urefu mara tatu: sakafuni, kwenye mstari wa maji unaoutaka, na katikati ya hivyo viwili. Chukua ule wa sakafuni, ongeza ule wa katikati mara nne, ongeza ule wa kwenye mstari wa maji, kisha gawa jumla kwa sita. Njia hii inafaa hata kama omo limepinda badala ya kunyooka. Mbavu zikiwa zimefunguka kuelekea juu, fanya vivyo hivyo kwa upana, au kwa mbavu zilizofunguka kidogo tu, pima upana katikati ya sehemu iliyozama.

Boti yetu imenyooka, kwa hiyo kila ikizama sentimita 10 urefu wake majini huongezeka sentimita 30. Ikizama nusu mita, urefu kwenye mstari wa maji ni mita 8.5 na katikati ni mita 7.75. Hesabu inakwenda hivi:

(7 + 4 × 7.75 + 8.5) ÷ 6 = mita 7.75

Boti ipimwe ikiwa nchi kavu, au imesogezwa ufukweni mahali unapoweza kushusha timazi kutoka ncha ya omo na ya tezi. Ukiipima ikiwa majini, utakuwa unakisia mahali sakafu inapoishia, na huko ndiko mteremko wa omo unakodanganya.

Hatua ya 2: Tafuta uzito wa boti tupu

Isukume boti majini ikiwa na injini, mbao za sakafu, nanga na kamba zake, lakini bila watu wala shehena. Kumba kwanza maji yote ya ngama, yaani yale yanayojikusanya chini ya mbao za sakafu. Halafu pima kutoka ukingo wa ubavu hadi usawa wa maji kwenye pembe zote nne, na pia katikati ya ubavu kila upande. Toa wastani wake kwenye kina cha boti, na utapata mzamo, yaani kiasi boti ilichozama.

Kwenye boti pana kama hii, sentimita moja ya makosa si kitu kidogo. Ikiwa tupu, kila sentimita ya mzamo ina uzito wa kilo 220 hivi, karibu mifuko minne na nusu ya saruji. Kwa hiyo usipime kwa macho mawimbi yakipandapanda. Chukua kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, ziba mwisho wa chini na kutoboa tundu dogo, kisha kisimamishe ubavuni huku chini kimezama. Maji yaliyo ndani ya bomba hayawezi kufuata kila wimbi haraka, hivyo hutulia karibu na usawa wa kweli, nawe unasoma kwa utulivu.

Tuseme wastani wa ubavu mkavu wa boti yetu tupu ni sentimita 86. Mzamo basi ni sentimita 14. Urefu kwenye mstari huo ni mita 7.42, na wastani wake na ule wa sakafuni ni mita 7.21:

3 × 0.14 × 7.21 = mita za ujazo 3.03

Boti tupu ina uzito wa kilo 3,030. Hapa ndipo ninapowaambia wenye boti waache kutegemea namba ya fundi. Fundi hukadiria kwa idadi ya mabati aliyochomelea, ilhali injini, mbao, viraka na rangi havimo kwenye hesabu yake.

Hatua ya 3: Amua mstari salama, na ujue kwa nini uko hapo

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na halijibiwi kwa kuzidisha. Boti isiyo na sitaha ikimeza maji juu ya ubavu, maji hayo hayana pa kutokea isipokuwa kwa kumbwa. Ubavu mkavu ni akiba ya kukabiliana na mambo kadhaa yanayoweza kutokea kwa wakati mmoja, kwa hiyo yajumlishe, usiyahesabu moja moja.

Anza na mawimbi. Wimbi la sentimita 30 kutoka bonde hadi kilele hupanda kama sentimita 15 juu ya usawa wa kawaida.

Kisha kuna kuinama, na hapa watu hupuuza zaidi. Chukua mifuko 20 ya saruji, tani moja, iporomoke kutoka upande mmoja hadi mwingine, umbali wa mita 2. Boti yetu ikiwa imezama nusu mita na shehena imelazwa chini, ubavu wa upande mzito utashuka kama sentimita 18. Boti bapa hukinza kuinama vizuri sana mwanzoni kwa sababu ya upana wake, na ndiyo maana huwapa watu imani. Lakini sentimita 18 ni sentimita 18. Boti ileile ikipakiwa mifuko 350, ubavu mkavu unabaki sentimita 15, na mporomoko uleule wa mifuko 20 unashusha mdomo kama sentimita 17. Maji yanaingia, uzito unaongezeka upande huohuo, na baada ya hapo hakuna wa kulizuia jambo hilo.

Tatu ni maji ya ngama, ambayo nitayarudia. Sentimita 5 za maji sakafuni huizamisha boti yetu sentimita 4 zaidi. Nne ni kutopakia sawasawa na makosa ya kupima, ambayo naweka sentimita 5.

Jumla ni 15 + 18 + 4 + 5, yaani sentimita 42. Naifanya 50. Kwa boti hii ya kina cha mita 1, mstari salama unakaa nusu mita juu ya sakafu, kwa safari ya maji yaliyokingwa na upepo. Ukitarajia mawimbi ya sentimita 60, jumla inapanda hadi 57 na mstari huo hautoshi tena. Siku hiyo acha ubavu mkavu wa angalau sentimita 60, na hesabu ya mifuko itashuka kama utakavyoona.

Hesabu hii haichukui nafasi ya mkaguzi. Tanzania Bara vyombo hukaguliwa na TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, na Kenya na Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Mkaguzi akiweka mstari chini ya wako, wake ndio mstari. Wako ukiwa chini ya wake, fuata wako, kwa sababu wewe ndiye unayeijua safari ya siku hiyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya shehena

Ujazo ulio majini boti ikifika kwenye mstari:

3 × 0.5 × 7.75 = mita za ujazo 11.6

Hiyo ni kama kilo 11,600. Toa boti tupu, kilo 3,030, unabaki na kilo 8,570. Usiseme bado kwamba hiyo ndiyo shehena. Toa mabaharia watatu kwa kilo 75 kila mmoja, jumla 225. Toa mafuta lita 60, kama kilo 45. Toa makoti ya kuokolea, pampu, maturubai na vyakula, kilo 80. Toa kilo 100 za maji ya ngama ambayo hayakosi. Jumla ya makato ni kilo 450. Shehena ni kilo 8,120, yaani mifuko 162 ya kilo 50. Mimi ningeandika 160 kwenye karatasi ya upakiaji na kuishia hapo.

Kwa siku ya mawimbi ya sentimita 60, mzamo unakuwa mita 0.4, maji yanayosukumwa ni kilo 9,120, na baada ya makato yaleyale inabaki kilo 5,640. Hiyo ni mifuko 112. Sentimita 10 tu za ubavu zimegharimu karibu mifuko 50, na ndiyo maana wenye mizigo hubishana nazo.

Andika jedwali fupi na ulibandike karibu na injini, ili mtu yeyote apime mzamo na kujua mzigo uliomo. La boti yetu, kwa maji baridi, ni hili:

| Mzamo (sm) | Uzito wote (kilo) | Watu, mafuta na shehena (kilo) |
|---|---|---|
| 14 | 3,030 | 0 |
| 20 | 4,380 | 1,350 |
| 30 | 6,700 | 3,670 |
| 40 | 9,120 | 6,090 |
| 50 | 11,600 | 8,570 |

Karibu na mstari salama, kila sentimita moja ni kilo 255, takriban mifuko mitano ya saruji. Hiyo ndiyo namba ya kukariri. Mtu akisema "ongeza kumi tu", unajua anaomba sentimita mbili za ubavu wako.

Hatua ya 5: Pima shehena, usiamini jina la gunia

Saruji ya kiwandani ina uzito ulioandikwa kwenye mfuko. Mazao ni habari nyingine. Gunia linaloitwa la kilo 100 likiwa limefungwa lumbesa huzidi hapo sana, na magunia 80 ya namna hiyo yanaweza kukuondolea sentimita kadhaa za ubavu uliouacha. Pima kumi kwenye mizani, chukua wastani, ndipo uhesabu idadi.

Mchanga nao hupimwa kwa ujazo ufukweni, karai kwa karai, na mvua hubadilisha mambo. Mchanga mkavu una kama kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, na uliolowa hukaribia 1,900 au zaidi. Kwa boti yetu ni mita 5 za ujazo zikiwa kavu, lakini kama 4.2 tu zikiwa zimelowa. Mchanga uliopakiwa mkavu ufunikwe kwa turubai, vinginevyo mvua itakupakilia shehena ya pili njiani.

Mizigo myepesi kama magunia ya mkaa au kreti tupu ina hatari tofauti: hurundikwa juu sana kabla ya kufika kwenye mstari. Hapo mstari hauna la kukwambia, kwa kuwa boti bado iko juu ya maji lakini uzito wake umepanda juu na ukinzani wa kuinama umepungua. Kwa boti ya aina hii nisingeruhusu rundo lipite usawa wa kifua cha mtu aliyesimama sakafuni, hata kama hesabu ya kilo inaruhusu mara mbili.

Abiria nao ni shehena inayotembea. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101 na tani 25 za mzigo. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka karibu na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao, na zaidi ya 220 walipoteza maisha. Watu hawafungwi kamba kama mifuko. Chombo kikikaribia nchi kavu husimama na kusogea upande mmoja kwa pamoja. Boti ya shehena iliyofika kwenye mstari wake isiongezewe hata mtu mmoja wa "lifti".

Hatua ya 6: Pakia ukisoma pembe zote nne

Jedwali linatumia wastani, lakini maji huingia mahali palipo chini kuliko pote. Boti yenye ubavu mkavu wa sentimita 62 omoni na 38 tezini ina wastani wa 50, na bado haifai kuondoka. Mstari salama uheshimiwe kwenye pembe iliyozama zaidi.

Chora mstari kwa rangi ya kung'aa pande zote mbili, omoni, katikati na tezini, na chini yake weka alama kila sentimita 10. Anza kulaza mifuko katikati, kisha endelea mbele na nyuma kwa zamu. Kwa boti yetu, kitovu cha shehena kinafaa kuwa kama mita 4.6 kutoka ncha ya tezi, si mita 5, kwa sababu omo refu lililoinuka halisaidii sana kuelea. Ukifika mifuko 100, simama na usome alama zote. Mzamo wa wastani uwe unakaribia sentimita 37 ikiwa mabaharia na mafuta yamo. Ukizidi kwa sentimita 2 au zaidi, kuna kitu hukukihesabu, na mara nyingi kiko chini ya mbao za sakafu.

Maji ya ngama

Kwenye boti yenye chini iliyochongoka, maji ya kuvuja hukusanyika katikati na huonekana. Kwenye sakafu bapa hutandaa chini ya mbao bila mtu kuyaona. Sakafu yetu ni mita 21 za mraba. Sentimita 5 za maji juu yake ni kilo 1,050, sawa na mifuko 21 ambayo hakuna aliyeipakia.

Uzito huo si ubaya wake mkubwa. Maji yaliyotandaa hukimbilia upande boti inakoinamia na kuisukuma iiname zaidi. Kwa boti yetu, sentimita hizo 5 zinaweza kula sehemu kubwa ya ukinzani wa mwanzo wa kuinama, hata kabla mzigo haujasogea. Dalili yake huijua nahodha yeyote mzoefu: boti inalala upande mmoja na kuchelewa kurudi, halafu inalalia upande wa pili bila sababu. Ukiona hivyo usigeuze ghafla wala usiwaambie watu wahamie upande wa pili. Punguza mwendo na mkumbe maji.

Dawa ya kudumu ni kizuizi cha chuma kinachokwenda kwa urefu katikati ya sakafu, kisichopitisha maji. Kikiigawa ngama sehemu mbili sawa, athari ya maji hayo kukimbia hushuka hadi kama robo. Acha pia mfuniko mmoja wa kufungua kila upande ili uweze kupima kwa kijiti kabla ya kuondoka.

Ukitoka maji ya chumvi kwenda mtoni

Wanaopakia baharini na kupanda mto, kama kwenye delta ya Rufiji, waongeze jambo moja. Maji ya bahari ni mazito kidogo, kama kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. Boti yetu kwenye mstari uleule ingebeba karibu kilo 290 zaidi baharini, na ikiingia maji baridi ingezama sentimita moja na kidogo. Kwa boti ndogo si tofauti ya kutisha. Tumia jedwali la maji baridi kote na umemaliza.

Jedwali lenyewe si la milele. Boti ya mbao hunywa maji na kuwa nzito miezi ya mwanzo, na ya chuma huongezewa viraka, tangi la mafuta au injini kubwa zaidi. Kila baada ya matengenezo, au walau mara moja kwa mwaka, irudie hatua ya pili: boti tupu, ngama kavu, bomba la plastiki, pembe nne. Mzamo wa boti tupu ukiongezeka kutoka sentimita 14 hadi 16, umeshapoteza kama mifuko tisa ya shehena. Ipunguze kwenye karatasi ya upakiaji, wala usiusogeze mstari juu.